Mali ya kodi iliyoahirishwa itokanayo na hasara: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wahasibu wanaofunga hesabu za mwaka chini ya viwango vya kimataifa, wengi wao Tanzania Bara na baadhi Kenya. Mfano mmoja unapita katika majibu yote: kiwanda cha kusindika korosho Mtwara, cha kubuni, kilichoanzishwa Januari 2024. Kiasi chote kiko katika milioni za shilingi za Tanzania, na kodi ya kampuni ni asilimia 30.

## Mambo ya msingi

1. Hasara inawezaje kuwa mali? Si ni kituko?

Hasara yenyewe si mali. Mali ni haki inayokuja na hasara hiyo: mwaka utakaopata faida, sheria inakuruhusu uikate hasara ya nyuma kabla ya kukokotoa kodi. Ukiwa na hasara ya 100 uliyoibeba, na mwakani ukapata faida ya 100, hulipi ile 30 ambayo mwenzako asiye na hasara angelipa. Hiyo 30 ndiyo thamani, na ndiyo inayoandikwa kwenye mizania kwa jina la mali ya kodi iliyoahirishwa.

Sharti lake linaonekana hapo hapo. Haki hii ina thamani kwa mtu atakayepata faida ya kikodi tu. Asiyepata faida ni kama mwenye kuponi ya punguzo ya duka asiloingia kamwe.

2. Nianze na hasara ipi, ya vitabu au ya kodi?

Ya kodi, daima. Hili ndilo kosa la kwanza ninaloliona kwenye faili: mtu anachukua hasara kabla ya kodi kutoka taarifa ya faida na hasara, anazidisha kwa asilimia 30, anaandika. Hasara inayobebwa ni ile iliyotoka kwenye ukokotoaji wa kodi, ile iliyoingia kwenye ritani.

Kiwanda chetu kilipata hasara ya vitabu ya 660 mwaka 2024. Kina mashine za 600. Vitabuni zinachakaa kwa asilimia 10, yaani 60 kwa mwaka. Upande wa kodi, mashine za kiwandani zinapata punguzo la asilimia 50 mwaka wa kwanza, yaani 300. Kwa hiyo:

```
Hasara ya vitabu kabla ya kodi            (660)
Rudisha: uchakavu wa vitabu                  60
Ondoa: punguzo la kodi kwa mashine         (300)
Hasara ya kikodi ya kubeba mbele           (900)
```

Tofauti ya 240 kati ya 660 na 900 haikupotea. Imekaa kwenye mashine: vitabuni zina 540, kikodi zina 300. Ishike namba hiyo, tutaihitaji swali la 5.

3. Hasara inabebwa kwa miaka mingapi?

Inategemea nchi, na jibu hili linabadilisha kila kitu kinachofuata. Tanzania Bara, kifungu cha 19 cha Sheria ya Kodi ya Mapato hakiweki ukomo wa miaka kwa hasara ya kawaida ya biashara. Kinaweka mipaka ya aina nyingine: hasara ya kilimo inakatwa kwenye mapato ya kilimo tu, na hasara ya nje ya nchi haiji kufuta faida ya ndani. Mwenye shamba na kiwanda ndani ya kampuni moja asichanganye vyungu hivyo viwili.

Kenya mambo yamegeuka mara kadhaa. Sheria ya Fedha ya 2021 iliondoa ukomo wa miaka, kisha Sheria ya Fedha ya 2025 ikarudisha kikomo cha miaka mitano. Athari yake kwenye hesabu iko swali la 11.

## Kipimo cha kuitambua

4. Kipimo chenyewe kinasema nini?

Kiko aya ya 34 ya IAS 12, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa kodi ya mapato. Unatambua mali kwa kiwango kile tu ambacho kuna uwezekano mkubwa kwamba faida ya kikodi itapatikana siku zijazo ya kuifuta hasara. Kwa vitendo tunalisoma neno hilo kuwa zaidi ya nusu kwa nusu.

Maneno ya kushika hapo ni “kwa kiwango kile tu”. Watu hulichukua swali hili kama la ndiyo au hapana: ama tunaandika 270 yote (asilimia 30 ya 900), ama hatuandiki kitu. Kipimo hakiko hivyo. Unaweza kutambua sehemu, na mara nyingi sehemu ndiyo jibu sahihi.

Kisha inakuja aya ya 35, ambayo ndiyo inayowakamata wengi. Inasema kuwepo kwa hasara isiyotumika ni ushahidi wenye nguvu kwamba huenda faida isipatikane. Kampuni yenye historia ya hasara za karibuni inatambua mali pale tu inapokuwa na tofauti za muda za kutosha zitakazotozwa kodi, au ushahidi mwingine unaoshawishi. Kiwanda cha Mtwara kina mwaka mmoja tu wa maisha na wote ni hasara, kwa hiyo kiko chini ya aya hii moja kwa moja. Hakiwezi kusema “hatuna historia mbaya” kwa sababu historia yote kilichonayo ni hiyo.

5. Tofauti za muda za kutosha ndiyo nini? Mbona mkaguzi anaanza na hapo?

Kwa sababu ni ushahidi usiohitaji kuamini mpango wa mtu yeyote. Rudi kwenye mashine: vitabuni 540, kikodi 300. Ile 240 ya juu ni punguzo la kodi ulilokula mapema. Miaka ya mbele uchakavu wa vitabu utaendelea huku punguzo la kodi likiwa limepungua, na 240 hiyo itaongezwa kwenye mapato ya kutozwa kodi. Tayari umeandika, au unapaswa kuandika, deni la kodi iliyoahirishwa la 72 kwa ajili yake.

Sasa hasara inaweza kufuta mapato hayo hayo yatakapotokea. Mamlaka ni ileile ya mapato, kampuni ni ileile. Kwa hiyo hasara ya 240 ina mahali pa kutumika, na mali ya 72 inatambuliwa. Kamati ya tafsiri ya viwango ilisema wazi Mei 2014 kwamba hatua hii haitegemei kama kampuni inatarajia faida au hasara nyingine mbele. Hata kampuni inayotabiri hasara tupu inatambua hadi kiwango hiki.

Angalizo moja: tazama tofauti inageuka lini. Mashine hazigeuki haraka. Mwaka wa pili punguzo la kodi linaweza kuwa bado kubwa kuliko uchakavu wa vitabu, na tofauti ikapanda kidogo kabla ya kushuka. Tanzania, kwa kuwa hasara haifi, kuchelewa huko hakuharibu hoja. Kwenye nchi zenye ukomo wa miaka, kunaharibu.

6. Iliyobaki, je? Ushahidi unaoshawishi ni upi?

Tumebakiwa na hasara ya 660 isiyo na tofauti ya muda ya kuiegemea. Hapa ndipo mpango wa biashara unapoingia, na hapa ndipo mabishano yanapoanzia.

Menejimenti ya kiwanda ilileta mpango unaoonyesha kwamba hasara yote 660 ingetumika kufikia 2029. Mpango ulipendeza, grafu zinapanda kama mnazi. Lakini ukiuliza kila namba imesimama juu ya nini, ilibaki moja tu yenye miguu: mkataba uliosainiwa wa miaka mitatu na mnunuzi wa korosho zilizobanguliwa, wenye kiasi na bei. Ukichukua mauzo ya mkataba huo, ukatoa gharama za korosho ghafi kwa bei za msimu uliopita na gharama za kiwanda kama zilivyokuwa miezi ya mwisho ya 2024, unapata faida ya kikodi ya 80 mwaka 2025, 120 mwaka 2026 na 160 mwaka 2027. Jumla 360.

Mauzo mengine yote kwenye mpango yalikuwa ya wateja “wanaotarajiwa”. Hayakuingia. Si kwamba hayatatokea. Ni kwamba baada ya mwaka mmoja wa hasara, matarajio peke yake hayashawishi.

Jambo la pili lililosaidia ni chanzo cha hasara. Aya ya 36 inauliza kama hasara imetoka kwenye sababu inayotambulika na isiyoelekea kujirudia. Sehemu kubwa ya hasara ya 2024 ilikuwa lile punguzo la asilimia 50, linalotolewa mara moja, pamoja na miezi mitano ambayo mashine zilikuwa zinasimikwa huku mishahara ikilipwa. Hilo lina rekodi: barua za kukabidhi mtambo, karatasi za mishahara. Lingekuwa bei mbaya ya korosho sokoni, lisingesaidia kitu, kwa kuwa bei mbaya hurudi.

7. Kosa gani hujirudia zaidi kwenye hatua hii?

Kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Mhasibu anatambua 240 kwa sababu ya mashine, halafu anachukua faida ya kikodi ya mpango, ambayo ndani yake tayari mashine zimegeuka, na kuitumia tena kwa hasara iliyobaki. Namna ya kuligundua ni kuuliza faida ya mpango ilikokotolewaje. Kama walianza na faida ya vitabu, wakarudisha uchakavu na kutoa punguzo la kodi, basi mgeuko umo ndani. Kwenye mfano wetu, 80, 120 na 160 zimekokotolewa bila kuingiza mgeuko wa mashine, ndiyo maana zinaruhusiwa kukaa juu ya 240.

Kosa la pili kwa wingi: mpango uliopelekwa kwa mkaguzi kwa ajili ya kodi una faida nzuri, na mpango uliotumika kupima kama mashine zimeshuka thamani una faida mbaya. Kampuni moja haina mustakabali wa aina mbili.

## Maingizo ya jarida

8. Naandikaje sasa?

Hasara inayotambuliwa ni 240 + 360 = 600. Mali ni 180. Iliyobaki, 300, haitambuliwi. Thamani yake kikodi, 90, inabaki nje ya mizania.

```
31 Desemba 2024                               Debiti   Krediti
Mali ya kodi iliyoahirishwa (hasara)             180
   Kodi iliyoahirishwa, faida na hasara                    180

Kodi iliyoahirishwa, faida na hasara              72
   Deni la kodi iliyoahirishwa (mashine)                    72
```

Kwenye mizania unaonyesha mali halisi ya 108, kwa kuwa haki ya kukata deni kwenye mali ipo: mamlaka moja, kampuni moja. Kwenye faida na hasara, krediti ya kodi ni 108, na hasara inashuka kutoka 660 hadi 552.

Jihakiki hivi: asilimia 30 ya hasara ya vitabu, 660, ni 198. Ondoa 90 isiyotambuliwa, unabaki na 108. Ikikataa kufunga, kuna kitu kimeponyoka kwenye ukokotoaji wa kodi, mara nyingi gharama isiyoruhusiwa kabisa kukatwa.

Usipunguze thamani kwa sababu ya muda. Hata kama hasara itatumika 2027, IAS 12 inakataza kuleta kodi iliyoahirishwa kwenye thamani ya leo.

9. Mwaka wa faida ukifika, ingizo linakuwaje?

Tuseme 2025 kiwanda kinapata faida ya kikodi ya 100 kabla ya kutumia hasara. (Mashine tuziweke kando ili tuone hasara peke yake.) Kodi ya mwaka inakuwa sifuri, kwa kuwa 100 imefutwa. Lakini faida na hasara hazikai bila kodi:

```
31 Desemba 2025                               Debiti   Krediti
Kodi iliyoahirishwa, faida na hasara              30
   Mali ya kodi iliyoahirishwa (hasara)                     30
```

Wakurugenzi wengi hushtuka hapa. “Mbona tuna gharama ya kodi na hatujalipa kitu?” Jibu ni kwamba faida ya kodi hii mliionyesha 2024. Sasa mnaitumia.

10. Na mkataba ukivunjika?

Aya ya 56 inakutaka uipime mali upya kila mwisho wa kipindi. Tuseme Desemba hiyo hiyo ya 2025 mnunuzi anajitoa na hakuna mwingine. Kati ya 360 iliyoegemea mkataba, 100 imetumika, 260 imebaki bila mguu. Asilimia 30 yake ni 78:

```
Kodi iliyoahirishwa, faida na hasara              78
   Mali ya kodi iliyoahirishwa (hasara)                     78
```

Salio sasa ni 180 − 30 − 78 = 72, sawa kabisa na deni la mashine. Si bahati. Ule ushahidi wa swali la 5 haukuhitaji mkataba, kwa hiyo haukuondoka nao.

Hasara yenyewe haijafutwa na mamlaka ya mapato. Mnunuzi mpya akisaini 2026, unarudisha mali kwa debiti, na krediti inaingia faida na hasara za 2026. Hurudi nyuma kusahihisha 2025, kwa kuwa haikuwa kosa.

## Hali za pembeni

11. Kwa kampuni ya Kenya mfano huu ungebadilikaje?

Hatua ya mashine ndiyo ingebadilika kwanza. Kikomo cha miaka mitano kinakulazimisha uandae ratiba: tofauti ya 240 inageuka kiasi gani kila mwaka, na kiasi gani kinaangukia ndani ya muda wa hasara. Kama mashine zinageuka 90 tu ndani ya muda huo, hasara inayoungwa mkono ni 90 na si 240, hata kama deni la kodi linabaki 72. Mgeuko unaokuja hasara ikiwa imeshakufa haumsaidii mtu.

Hasara za kila mwaka zina tarehe yake, kwa hiyo weka jedwali la mwaka hadi mwaka. Namba moja ya jumla haitoshi tena.

12. Kiwango cha kodi kikibadilika?

Unatumia kiwango kilichopitishwa, au kilichofikia hatua ya kuhesabika kimepitishwa, kufikia tarehe ya mizania, kwa ajili ya mwaka ambao hasara itatumika. Kenya ilitoa funzo zuri: Aprili 2020 kodi ya kampuni ilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na kuanzia 1 Januari 2021 ikarudi 30. Kampuni iliyofunga vitabu Juni 2020 ikiwa na hasara ya 1,000 iliyotambuliwa yote ilionyesha mali ya 250. Ilipofunga Juni 2021 hasara ileile, bila kuguswa, ilikuwa na thamani ya 300. Ile 50 iliingia faida na hasara kama krediti ya kodi.

Hotuba ya bajeti peke yake haitoshi. Waziri kusema si sheria.

13. Tanzania, kuna vizuizi gani kwa mwenye hasara za miaka mingi?

Viwili. Kampuni ikikaa kwenye hasara mwaka huu na miaka miwili mfululizo iliyotangulia, inatozwa kodi mbadala ya chini inayokokotolewa juu ya mauzo. Kodi hiyo hailipwi kwa faida, kwa hiyo usiichanganye na hesabu hii. Lakini kuilipa ni dalili kwa mkaguzi kwamba umeingia kikamilifu kwenye aya ya 35.

Cha pili ni kikomo cha kutumia hasara. Kampuni iliyokaa kwenye hasara miaka minne mfululizo hairuhusiwi kufuta mapato yake yote ya mwaka. Sehemu lazima itozwe kodi. Asilimia yake isome kwenye sheria inayotumika mwaka wako. Kihesabu, kikomo hiki kinapunguza hatua ya swali la 5: kama sheria inaruhusu kufuta sehemu tu ya mapato, basi mgeuko wa mashine nao unaunga mkono sehemu hiyo tu ya hasara. Ile tafsiri ya Mei 2014 inasema hivyo hivyo. Kwa faida ya mpango, kikomo kinachelewesha matumizi, na unavyochelewa ndivyo unavyolazimika kutabiri mbali zaidi.

14. Kampuni ikiuzwa, hasara inaenda na mnunuzi?

Si lazima. Kifungu cha 56 cha sheria ya Tanzania kinahusika pale umiliki unapobadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ukilinganisha na miaka mitatu iliyotangulia, na kinaweza kuzuia hasara za kabla ya mabadiliko zisitumike baadaye. Kama mauzo ya hisa yako mezani tarehe ya mizania, usisubiri yakamilike ndipo uanze kusoma masharti ya kifungu hicho. Wala usitegemee kampuni dada yenye faida ikusaidie: hakuna kuhamisha hasara kati ya kampuni za kundi moja.

15. Hasara ambayo mamlaka ya mapato inaibishia niihesabu?

Hapa inatumika IFRIC 23, tangu 2019. Jiulize kama kuna uwezekano mkubwa mamlaka ikubali msimamo wako, ukichukulia kwamba itakagua na itajua kila kitu. Kama kuna gharama ya 50 unayojua haitapita, hasara ya kuanzia ni 850 na si 900, kabla hata hujagusa kipimo cha swali la 4.

16. Ile 90 niliyoiacha nje inaonekana wapi?

Kwenye maelezo ya hesabu. Aya ya 81(e) inataka kiasi cha hasara isiyotambuliwa, hapa 300, na tarehe ya kufa kwake kama ipo. Na kwa kuwa kiwanda kilipata hasara na bado kikatambua mali inayozidi deni la mashine, aya ya 82 inadai utaje kiasi hicho, 108, na ueleze ushahidi wake. Sentensi ya “wakurugenzi wanaamini faida itapatikana” hairidhishi. Andika kuna mkataba, wa miaka mingapi, na unabeba kiasi gani cha mali hiyo.